Tufuteni Hadi Ndani ya Modeli
Ilani ya kuanzisha harakati

Mtu akiomba taarifa zake zifutwe, na aliyezikusanya akamjibu kwamba zimefutwa, jibu hilo linapaswa kuwa kweli kila mahali taarifa hizo zilipofika. Leo si kweli. Safu ya mtu huondolewa kwenye hifadhidata, baruapepe ya uthibitisho hutumwa, na modeli iliyofunzwa kwa sauti yake au kwa picha yake huendelea na kazi siku hiyohiyo kana kwamba hakuna aliyeomba kitu. Sisi tunaotia sahihi hapa tunaanzisha harakati kwa ajili ya jambo moja: ombi la kufutwa lifike hadi ndani ya modeli, na anayesema amefuta aweze kulionyesha hilo.

Tumo humu watu wa namna nyingi. Wapo waliosoma sentensi kwenye simu zao jioni baada ya jioni ili mashine zijifunze Kiswahili. Wapo waliopigwa picha za uso walipofungua akaunti za mikopo. Wapo mawakili. Na wapo kati yetu wanaofunza modeli kwa mikono yao wenyewe, wanaojua faili zinakaa wapi na jinsi jibu la "tumefuta" linavyoandikwa. Ilani hii imeandikwa hasa kwa ujuzi wa hao wa mwisho, kwa sababu dai lisilojua mashine inavyofanya kazi hujibiwa kirahisi mno.

Haki yenyewe imeshaandikwa. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 kinampa mtu haki ya kudai taarifa zake zirekebishwe au zifutwe, na kinamtaka aliyewagawia wengine taarifa hizo achukue hatua za kuwajulisha. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ipo. Ulaya, Kifungu cha 17 cha kanuni ya GDPR kinatumika tangu Mei 2018. Sheria zote hizi zilitungwa zikifikiria kumbukumbu iliyokaa mahali panapojulikana, yenye jina la mtu juu yake. Hakuna inayoeleza kwa maneno yake nini kifanyike pale kumbukumbu ilipokwisha kugeuzwa kuwa modeli.

Pengo hili tuliliona karibu nasi. Tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi, mbele ya Jaji Roselyne Aburili, iliamuru data ya kibayometriki ambayo mradi wa Worldcoin ulikusanya kwa Wakenya ifutwe ndani ya siku 7, Kamishna wa Ulinzi wa Data akisimamia. Watu walikuwa wamepanga foleni kupigwa picha za mboni za macho wakiahidiwa sarafu za kidijitali, na mahakama haikuikubali ridhaa ya namna hiyo. Tunaiheshimu hukumu hiyo na tunataka nyingine kama hiyo. Hata hivyo, picha ya mboni ya mtu yeyote, katika mradi wowote, inaweza kutumika kwa kazi mbili: kumtambua yeye mwenyewe, na kuufunza mfumo jinsi ya kutambua mboni za watu wote. Kufuta picha kunakomesha kazi ya kwanza. Ya pili inahitaji amri yake.

Amri ya namna hiyo imewahi kutolewa. Nchini Marekani kulikuwa na programu ya kuhifadhi picha iliyoitwa Ever, ya kampuni ya Everalbum. Wateja waliofunga akaunti waliambiwa picha zao zitafutwa, lakini zilibaki, na kampuni ilitumia picha za wateja wake kutengeneza teknolojia ya kutambua nyuso. Mwaka 2021 Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, iliiamuru ifute picha, ifute namba za utambuzi zilizotolewa kwenye nyuso hizo, na ifute modeli na algoriti zilizotengenezwa kwa kuzitumia. Hatua zote tatu ziko ndani ya amri moja. Anayetuambia kwamba kumdai mtu afute modeli ni ndoto, tunamwonyesha amri hiyo.

Tunajua jibu litakalofuata: modeli ni namba tu, hamna mtu humo ndani. Mamlaka ya ulinzi wa data ya Hamburg ilikaribia msimamo huo Julai 2024, ilipoandika kwamba modeli kubwa za lugha hazihifadhi taarifa binafsi. Desemba ya mwaka huohuo Bodi ya Ulinzi wa Data ya Ulaya ikatoa maoni kwamba modeli iliyofunzwa kwa taarifa za watu haiwezi kuhesabiwa moja kwa moja kuwa haina mtu. Kila modeli ichunguzwe yenyewe. Sisi tuko upande wa uchunguzi, kwa sababu ushahidi upo. Mwaka 2021 Nicholas Carlini na wenzake walichapisha kazi waliyoifanya kwa GPT-2: kwa kuiuliza modeli tu, bila kugusa data yake, walitoa zaidi ya vifungu 600 ambavyo modeli ilivikariri neno kwa neno kutoka kwenye maandishi iliyofunzwa. Baadhi vilikuwa na majina ya watu, namba za simu na anwani zao. Namba zinazoweza kutema anwani ya mtu haziwezi kuitwa tupu.

Sasa tuingie ndani ya mashine. Tuchukue mfano tulioutunga wenyewe ili hesabu ionekane. Kampuni ya simu inataka modeli ya huduma kwa wateja itakayosikia maneno machache: ndiyo, hapana, salio, na tarakimu sifuri hadi tisa. Imerekodi watu 1,200, kila mmoja klipu 400. Mmoja wao ni mwanamke wa Tanga tutakayemwita 0417, kwa namba aliyopewa. Baada ya mwaka anaandika: nimeghairi, nifuteni.

Kwanza aangaliwe yuko wapi. Klipu zake ziko kwenye folda kuu na kwenye nakala rudufu za seva. Ziko pia kwenye nakala ya kila mhandisi aliyezipakua kwenye kompyuta yake ili ajaribu kitu. Kila klipu imegeuzwa kuwa spektrogramu, yaani picha ya namba inayoonyesha nguvu ya sauti kwa kila masafa, na spektrogramu zimehifadhiwa kwenye faili tofauti lisilobeba jina lake, kwa kuwa kuzitengeneza upya kila siku kunachukua muda. Nyingine zimeongezewa kelele za barabarani au kuharakishwa kidogo ili modeli izoee hali halisi, hivyo klipu 400 zimekuwa 1,600. Mahali pa mwisho ni modeli yenyewe, pamoja na nakala zake zilizohifadhiwa kila baada ya saa kadhaa za mafunzo ili umeme ukikatika kazi isianze upya. Ofisi inayopokea ombi la 0417 kwa kawaida inaliona folda kuu tu. Faili la spektrogramu lina majina kama `batch_0093`, na asiyelitengeneza hawezi kujua kwamba mwanamke wa Tanga yumo.

Kwa hiyo dai letu la kwanza linakuja kabla ya hesabu yoyote ngumu. Kila kinachotokana na klipu kibebe namba ya mwenye klipu, kutoka kurekodiwa hadi kuingia kwenye mafunzo, na kila modeli iandikiwe orodha ya namba za watu waliomo. Kampuni isiyo na orodha hiyo haiwezi kufuta hata ikitaka. Isiandike imefuta, iandike kwamba haijui.

Kwa nini modeli haiwezi kuguswa mahali alipo 0417 tu? Kwa sababu hapana mahali. Mafunzo huenda hivi: modeli inasikia kundi dogo la klipu, inakisia maneno, inapimwa imekosea kiasi gani, kisha kila moja ya namba zake, na zinaweza kuwa mamilioni, inasogezwa kidogo kuelekea upande unaopunguza kosa. Kundi linalofuata linasikilizwa na namba ambazo zimekwisha kusogezwa. Klipu ya 0417 iliyosikika mapema ilibadilisha namna modeli ilivyowasikia watu wote waliokuja baadaye, na marekebisho yao yamejengwa juu ya marekebisho yake. Nazi moja kati ya kumi haichujwi kutoka kwenye wali wa karamu uliokwisha kuiva.

Njia ya uhakika ni kufunza upya bila yeye. Kama mafunzo kamili huchukua saa 100 za mashine, ombi lake linagharimu saa 100, na ombi la mtu mwingine wiki ijayo linagharimu saa 100 nyingine. Hapo ndipo kampuni husema haiwezekani, na hapo ndipo watu wengi wenye nia njema hunyamaza. Tunaomba wasinyamaze. Mwaka 2015 Yinzhi Cao na Junfeng Yang walikwisha kuliweka tatizo hili mezani kama somo la uhandisi, na mwaka 2021 Lucas Bourtoule na wenzake walichapisha njia iitwayo SISA, ambayo wazo lake linaelezeka bila hesabu kubwa.

Badala ya modeli moja iliyosikia watu wote 1,200, gawanya watu katika mafungu 20 ya watu 60, na kila fungu lifunze modeli yake ndogo isiyosikia mtu wa fungu jingine. Mteja akisema neno, modeli zote 20 zinakisia na kura nyingi zinashinda. Kila modeli imechukua saa 5. 0417 akiomba kutoka, modeli 19 hazijawahi kumsikia na haziguswi. Moja tu inafunzwa upya: saa 5 mahali pa 100.

Kisha ndani ya fungu, watu 60 wanagawanywa tena katika vipande 5 vya watu 12. Modeli inafunzwa kwa kipande cha kwanza, inahifadhiwa. Kwa cha kwanza na cha pili, inahifadhiwa. Hivyo hadi vipande vyote vitano. Kazi ya hatua hizo ni kama sehemu 1, 2, 3, 4 na 5, jumla 15. Kama 0417 yuko kipande cha nne, turudi kwenye nakala iliyohifadhiwa baada ya kipande cha tatu, ambayo haimjui, na turudie hatua ya nne na ya tano: sehemu 9 kati ya 15, yaani saa 3. Angekuwa kipande cha tano ingekuwa saa 1 na dakika 40. Angekuwa kipande cha kwanza, hakuna kilichookolewa. Na nakala zilizohifadhiwa baada ya kipande cha nne na cha tano zifutwe siku hiyohiyo, maana nazo zimemsikia. Hili husahaulika mara nyingi.

Kuna kosa moja linaloweza kuiharibu hesabu hii yote, na linafanywa kwa urahisi kwa sababu ndilo jambo la kawaida kwenye programu za mafunzo: kuzigawa klipu kwa bahati nasibu. Ukizitupa klipu 480,000 kwenye mafungu 20 bila kuangalia zimetoka kwa nani, klipu 400 za 0417 zitasambaa, takriban 20 kwenye kila fungu. Ombi lake moja litagusa modeli zote 20, na tumerudi kwenye saa 100 au karibu na hapo. Kugawanya lazima kuwe kwa mtu. Klipu zake zote, pamoja na zile zilizoongezewa kelele, zikae fungu moja na kipande kimoja. Uamuzi huu unafanyika siku ya kwanza, kabla ya mafunzo kuanza, na haugharimu chochote siku hiyo. Baada ya mwaka unagharimu kila kitu. Ndiyo maana tunasema kufutwa ni jambo la kupangwa mwanzoni, na ndiyo maana hatutakubali kampuni ikija na hoja kwamba mfumo wake haukuundwa hivyo. Nani aliuunda?

Njia hii ina mipaka, na tunaitaja sisi wenyewe. Modeli iliyosikia watu 60 ni dhaifu kuliko iliyosikia 1,200, na udhaifu huo hauwaangukii wote sawa. Kama wasemaji wenye lafudhi ya Kimvita ni 40 kati ya 1,200, kila fungu litapata wawili tu, na hakuna modeli itakayowasikia vizuri, hata zote 20 zikipiga kura. Kuwaweka wote fungu moja si dawa, kwani watashindwa kura na mafungu 19 yasiyowajua. Kwa hiyo mafungu yawe machache kadiri idadi ya maombi inavyoruhusu. Kama maombi ni matatu kwa mwaka, mafungu 5 yanatosha na kila moja lina watu 240. Mpaka mwingine ni ukubwa. Hakuna atakayefunza modeli 20 kubwa za lugha ili zipige kura. Huko njia inayofaa ni kuweka taarifa za watu nje ya modeli ya msingi, na kuzitumia tu kwenye tabaka dogo la nyongeza linaloweza kufunzwa upya kwa saa chache. Anayeingiza rekodi za wateja wake kwenye modeli ya msingi isiyoweza kufunzwa upya amechagua kutowafuta, na anapoandika mkataba, hilo liandikwe waziwazi.

Tunakuja sasa kwenye kinachotutia hasira zaidi, yaani kusahau kwa kuigiza.

Aina ya kwanza ni chujio. Modeli inabaki ilivyo, na mbele yake kunawekwa programu inayozuia jina la mtu lisitoke. Ukiuliza kwa njia nyingine, au ukiichukua modeli yenyewe bila chujio, mtu bado yumo. Aina ya pili ni ya kiufundi zaidi na inaheshimika zaidi, ila isitumike kabla ya kupimwa: modeli inarudishwa kwenye mafunzo, lakini kwa klipu za mtu aliyeomba namba zinasogezwa upande wa kuongeza kosa badala ya kulipunguza, mpaka modeli ishindwe kumsikia. Ni rahisi na haraka. Kwa modeli za lugha, watafiti wameonyesha kwamba kilichofutwa kwa njia za jamii hii kinaweza kurudi baada ya mafunzo kidogo ya ziada. Wengine wameonyesha kwamba kinaweza kurudi hata kwa kuibana modeli ili itumie biti 4 kwa kila namba, jambo linalofanywa kila siku ili modeli iingie kwenye kompyuta ndogo. Masogezo yalikuwa madogo mno. Kubana kukayafuta, na ya zamani yakaonekana tena.

Utajuaje, basi? Kipimo kipo, na kinatokana na kazi ya Reza Shokri na wenzake ya mwaka 2017. Modeli hukosea kidogo zaidi kwa watu iliyowasikia kuliko kwa wageni. Turudi kwa 0417. Tuseme, kwa mfano wetu, wastani wa kosa ni 0.05 kwa waliomo kwenye mafunzo na 0.40 kwa wageni. Baada ya ombi lake, mkaguzi anaipa modeli klipu zake. Ikitoa kosa la 0.06, hajafutwa, huenda kuna aliyeweka chujio tu. Ikitoa 0.38, yuko mahali pa wageni, kama inavyotakiwa. Ikitoa 3.10, pia kuna tatizo, na hili watu hawalitarajii. Mgeni wa kawaida hakosewi kiasi hicho. Modeli imebeba kovu, na yeyote mwenye klipu yake anaweza kutambua kwamba mtu huyu aliwahi kuwamo na akaomba kutoka. Aliyefutwa ipasavyo hatofautiki na ambaye hakuwahi kurekodiwa.

Namba moja haitoshi kuamua, kwa kuwa sauti nyingine ni rahisi kusikika na nyingine ni ngumu kwa asili yake. Mkaguzi makini hufunza modeli kadhaa ndogo, nusu zikiwa na 0417 na nusu bila yeye, aone kosa linavyotawanyika pande zote mbili, kisha aulize modeli inayokaguliwa inafanana na upande upi. Halafu aseme ni wageni wangapi kati ya 1,000 ambao kipimo chake kingewadhania kimakosa kuwa waliomo. Ripoti isiyo na namba hiyo ya mwisho hatutaipokea, kwa sababu kipimo kinachowashuku wote hakijamshuku yeyote. Ukaguzi unahitaji klipu zake, na hizo ndizo zinazotakiwa kutoweka. Zikae kwake. 0417 arudishiwe nakala yake kabla ya kufutwa, awe na uwezo wa kumpa mkaguzi aliyemchagua, na mkaguzi azifute akimaliza.

Lipo jambo tunaloliafiki kwa uchungu. Ili mtu aliyefutwa asirudi kesho kwa mlango wa nyuma, kupitia nakala ya zamani au mkusanyiko ulionunuliwa, kampuni inahitaji alama ya kumtambua na kumkataa. Tumelijadili sana. Tumekubali ihifadhiwe hashi peke yake, yaani mfuatano mfupi wa herufi unaotokana na faili la klipu na usioweza kurudishwa kuwa sauti, pamoja na namba ya mtu bila jina, na isitumike kwa kazi nyingine yoyote. Hashi haikamati klipu iliyobadilishwa hata kidogo. Ni ulinzi hafifu. Njia ya kumtambua mtu kwa sauti yenyewe ingekuwa imara zaidi, lakini ingetaka kampuni ihifadhi alama ya sauti ya kila aliyeomba kusahaulika, na hilo tunalikataa.

Kuhusu mikusanyiko ya wazi, tutasema ukweli mchungu kwa wenzetu waliotoa sauti. Mkusanyiko wa Common Voice wa Mozilla, wenye Kiswahili na wenye Kinyarwanda kingi, hutolewa chini ya leseni ya CC0, ambayo haimfungi anayeupakua. Umetusaidia; bila mikusanyiko kama huo lugha zetu zingeachwa nje. Lakini toleo lililokwisha kupakuliwa limo kwenye mashine zisizohesabika, na kuondolewa kwenye toleo lijalo hakulifikii. Mtu aambiwe hivyo kabla ya kusoma sentensi ya kwanza, kwa Kiswahili, kwa maneno yasiyojificha. Na mikusanyiko mipya ya sauti za watu wetu, hasa ile inayolipiwa kwa fedha za umma au za vyuo, itolewe kwa leseni inayomtaka kila aliyepakua apokee orodha ya walioomba kutoka na ajibu amefanya nini. Kwamba kusafisha mkusanyiko hakuzifikii modeli, tumeliona kwa picha pia: LAION-5B, orodha ya viungo vya picha zaidi ya bilioni 5, iliondolewa hadharani Desemba 2023 baada ya watafiti wa Stanford kugundua humo viungo vya picha za udhalilishaji wa watoto. Toleo lililosafishwa lilitoka Agosti 2024, viungo 2,236 vikiwa vimeondolewa. Modeli zilizofunzwa kwa toleo la zamani hazikubadilika kwa usafishaji huo.

Tunachodai kwa Kamishna wa Nairobi na kwa Tume ya Tanzania ni mwongozo wa maandishi unaosema kwamba modeli iliyofunzwa kwa taarifa za mtu imo ndani ya haki ya kufutwa, mpaka mwenye modeli aonyeshe kwa kipimo kwamba mtu huyo hatambuliki humo. Mzigo wa kuthibitisha uwe kwake. Mwanamke wa Tanga hana mashine za kufunzia modeli za ukaguzi. Muda wa kujibu ugawanywe: faili zifutwe kwa siku chache ambazo sheria na kanuni zinaweka, na modeli ifunzwe upya kwa tarehe inayotajwa kwenye jibu lenyewe, isiyozidi miezi mitatu. Maombi yanayokuja katikati yakusanywe na kufanyiwa kazi pamoja, maana kufunza upya fungu moja kwa watu wanne kunagharimu karibu sawa na kwa mtu mmoja. Na pale taarifa zilipochukuliwa kwa hila au bila ridhaa, hatutaki kufunza upya kwa mafungu wala miezi mitatu. Hapo tunadai alichoamriwa Everalbum: modeli ifutwe yote.

Kwa wahandisi wenzetu dai ni jepesi na ni la leo. Gaweni kwa mtu. Andikeni orodha ya waliomo kando ya kila modeli mnayohifadhi. Na mkiambiwa mtie sahihi barua inayosema mtu amefutwa, ilhali mnajua ni folda tu iliyofutwa, msitie.

Kazi ya harakati inaanza na barua. Kila mwanachama aliyewahi kutoa sauti, uso au maandishi yake atamwandikia aliyevichukua, na barua zote zitauliza yaleyale. Taarifa zangu ziliingia kwenye modeli zipi, na kila moja ilifunzwa lini? Mliigawa data kwa mtu au kwa faili? Mlimgawia nani, na mmemjulisha? Nikiomba kufutwa leo, mtarudi kwenye nakala ipi ya mafunzo, ya tarehe gani? Mtapima vipi, na nani asiye mwajiriwa wenu ataona kipimo hicho? Majibu tutayachapisha yalivyo, bila majina ya wanachama, pamoja na orodha ya waliokaa kimya baada ya muda wa sheria kupita. Barua isiyojibiwa itapelekwa kwa Kamishna au kwa Tume ikiwa malalamiko rasmi, na mawakili wetu wamekubali kuyasimamia bila malipo hadi hukumu ya kwanza itakayotaja modeli kwa jina lake.